Barua ya kuulizia kazi isiyotangazwa: imekwama wapi?

Kwa miaka sita nilikaa mapokezi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, Kurasini, halafu nikahamishiwa ofisi ya utumishi ghorofani. Kwa hiyo barua za watu wanaoulizia kazi bila tangazo nimezipokea chini na nimezisoma juu. Nyingi hazikupata jibu, na mara nyingi sababu haikuwa ile aliyoidhania mwandishi. Yeye alidhani ameonekana hafai, kumbe barua yake haijafunguliwa hata mara moja.

Barua ya namna hii hupita vituo vinne: mlangoni, kwenye kisanduku au daftari la barua, meza ya utumishi, na mwisho meza ya mkuu wa idara ambaye ndiye hasa anayejua kama mikono inapungua. Kila kituo kina namna yake ya kukwamisha, na kila namna huacha dalili. Ukiisoma dalili vizuri utajua urekebishe nini, badala ya kuandika barua ileile upya na kuipeleka kwa kampuni nyingine ishirini.

Dalili ya kwanza: kimya kabisa

Wiki tatu zimepita, hakuna simu wala ujumbe. Usianze kuilaumu barua. Kwanza hakikisha kama ilifika.

Kama uliipeleka kwa mkono, jiulize uliiacha kwa nani. Ukiiacha kwa mlinzi getini, ihesabu kuwa haijafika. Si kwamba walinzi ni wabaya. Zamu hubadilika saa kumi na mbili jioni, bahasha inabaki kwenye dirisha la kibanda pamoja na magazeti na vitambulisho vya wageni, na mlinzi wa usiku hajui ni ya nani. Nimewahi kuokota bahasha ya namna hiyo ikiwa na miezi miwili, imegeuzwa kuwa mahali pa kuandikia namba za magari.

Dawa yake ni ya kizamani na bado inafanya kazi: nenda na nakala mbili. Moja unaiacha mapokezi, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na unarudi nayo. Kama hawana muhuri, omba aliyepokea aandike tarehe na kusaini. Nakala hiyo haikupi kazi, lakini inakupa kitu cha kushika siku ya kufuatilia. Mtu anayesema "nilileta barua yangu tarehe 4, ilipokelewa hapa mapokezi" hutafutiwa barua. Anayesema "nilileta barua siku za nyuma" huambiwa asubiri.

Kama ulituma kwa barua pepe, rudi kwenye kisanduku chako mwenyewe kabla ya jambo lolote. Tafuta ujumbe uliotoka kwa anwani hii:

```
mailer-daemon@googlemail.com
```

Ukiuona, na wewe unatumia Gmail, barua yako imerudishwa. Maelezo ndani yake yatakuambia kama anwani haipo, kisanduku cha kampuni kimejaa, au mtambo wao umekataa mzigo. Wengi hawauoni kwa sababu uko kwa Kiingereza na unafanana na matangazo. Kijana mmoja alinionyesha simu yake mapokezi, akilalamika kwamba tumempuuza. Ujumbe wa kurudishwa ulikuwa palepale, haujafunguliwa. Alikuwa ameinakili anwani kutoka ubavuni mwa lori letu, na herufi moja ilikuwa imefutika kwa vumbi la safari za Tunduma.

Kama haikurudi, sababu ya pili ni viambatisho. Gmail inakuruhusu kutuma hadi MB 25, lakini mitambo mingi ya kampuni hukataa mapema zaidi, na mingine hukataa bila kukuarifu. Vyeti vilivyopigwa picha kwa simu, kila kimoja MB 3 au 4, vikifika saba vimeshakuwa mzigo. Kwa barua ya kuulizia tu hakuna haja ya kutuma vyeti. Wasifu wa kurasa mbili, PDF moja isiyozidi MB 1, unatosha. Vyeti vitaombwa vikihitajika. Lipe faili jina linaloeleweka kwa atakayelipakua. Kwenye kompyuta yangu nilikuwa na mafaili kumi na moja yanayoanza na neno CamScanner na tarehe, na sikuwa na namna ya kujua lipi ni la nani.

Sababu ya tatu naitaja kwa uchungu kidogo: kutuma barua moja kwa kampuni arobaini kwa mpigo huku anwani zote zikionekana. Mpokeaji anaona majina ya washindani wake wote juu ya barua inayosema "nimevutiwa sana na kampuni yako". Hiyo huishia hapohapo, na mtambo wenyewe huweza kuitupa kwenye barua taka kabla haijaonekana na mtu.

Baada ya kuyakagua hayo kuna kipimo kimoja cha mwisho: simu ya mapokezi, asubuhi, saa nne hivi. Usiulize kama barua yako imejibiwa. Uliza, "Samahani dada, barua ya kuulizia nafasi kwenye idara ya nyaraka huwa inapelekwa kwa nani?" Jibu litakuambia mengi. Ukitajiwa cheo, yaani ofisa utumishi au mkuu wa nyaraka, na wewe uliandika "Kwa yeyote anayehusika", umeshajua ilipokwama. Barua isiyo na mwenyewe hulala kwenye trei. Nilipokuwa chini nilizipeleka juu mara moja kwa wiki, Ijumaa mchana, na Ijumaa mchana ghorofani hakuna anayesoma.

Dalili ya pili: "Kwa sasa hatuna nafasi, tutakutafuta ikitokea"

Hapa barua imefika na imesomwa, au angalau imepitiwa. Watu wengi huona jibu hili ni mlango kufungwa. Mimi niliyeyaandika majibu hayo nakwambia kwamba mara nyingi ni jibu la swali lililoulizwa. Ukiuliza "je, mna nafasi yoyote?", kampuni isiyo na tangazo ina jibu moja tu, na ni la kweli.

Tofauti kubwa kati ya barua hii na ile ya kujibu tangazo iko hapa. Tangazo likitoka, kazi imeshaelezwa na mwajiri, wewe unaonyesha tu kwamba unaienea. Bila tangazo hakuna aliyeieleza kazi. Usipoieleza wewe, ofisa utumishi angelazimika kukaa na barua yako, kufikiri wewe ni mtu wa nini, kisha kwenda kwa mkuu wa idara kukuombea kitu ambacho hata wewe hujakiomba. Hafanyi hivyo. Ana likizo za madereva za kupanga.

Nitaeleza kisa kimoja kwa kina, kwa sababu barua zote mbili nilizisoma mimi. Mwandishi alikuwa kijana wa miaka 24 mwenye stashahada ya uwakala wa forodha. Alikuwa amefanya fildi wiki nane kwenye bandari kavu moja hukohuko Kurasini. Barua yake ya kwanza ilikuwa hivi, nimeondoa jina na anwani:

*YAH: OMBI LA KAZI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 24, naomba nafasi yoyote ya kazi katika kampuni yako tukufu. Ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu, na ninaweza kufanya kazi katika mazingira yoyote na chini ya usimamizi mdogo. Nina stashahada ya uwakala wa forodha. Natanguliza shukrani zangu za dhati nikiamini ombi langu litapokelewa na kufanyiwa kazi. Wako mtiifu.*

Heshima ipo, makosa ya tahajia hakuna. Tatizo ni kwamba barua hii ingeweza kupelekwa hoteli, shule au kiwanda cha sabuni kwa kubadilisha jina la stashahada tu. "Nafasi yoyote" inasikika kama unyenyekevu, lakini kwa msomaji ni kazi ya ziada. "Mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu" zimo kwenye kila barua, kwa hiyo jicho linaziruka. Kitu pekee ambacho kingemfanya mkuu wa nyaraka asimame, zile wiki nane za bandari kavu, hakimo kabisa. Alifikiri fildi haihesabiki kwa kuwa hakulipwa. Nilimjibu kama kawaida: kwa sasa hatuna nafasi.

Alipokuja kufuatilia na nakala yake yenye muhuri, sikuwa na la kuongeza, ila nilimuuliza kwa udadisi tu kule fildi alikuwa anafanya nini. Akaanza kueleza. Alikuwa akikaa meza ya nyaraka, anapokea faili la mteja, analinganisha bili ya shehena, ankara na orodha ya vifungashio kabla faili halijaenda kwa mwandaaji wa TANSAD, yaani lile tamko la forodha linaloingizwa kwenye mfumo wa TRA. Akikuta uzito kwenye orodha haufanani na ule wa bili ya shehena, anaandika kwenye daftari na kumpigia mteja.

Mtu wa nje hataona uzito wa maneno hayo. Kwa kampuni ya kutoa mizigo ndiyo roho ya kazi. Tamko likishaingia na uzito usio sahihi, kulirekebisha kunahitaji maombi na maelezo, na wakati huo kontena limekaa bandarini. Siku za bure zikiisha, gharama za uhifadhi zinaanza kuhesabiwa, na mteja hataki kusikia kwamba ni kosa la karani. Mtu anayezuia kosa hilo kabla halijaingia kwenye mfumo ana thamani inayohesabika kwa shilingi. Nikamwambia, "Mbona haya hukuyaandika?" Akasema alidhani barua ya kazi haina hayo mambo.

Barua yake ya pili ilikuja baada ya wiki mbili. Naiweka karibu yote:

*YAH: KUULIZIA NAFASI YA KARANI WA NYARAKA ZA FORODHA AU MAFUNZO KWA VITENDO*

*Ndugu Ofisa Utumishi,*

*Nakuandikia nikifahamu kwamba kampuni haijatangaza nafasi kwa sasa. Naulizia iwapo idara ya nyaraka inahitaji, au itahitaji miezi ijayo, karani wa kukagua mafaili ya mizigo inayoingia na ile ya kwenda nchi jirani.*

*Nimefanya mafunzo kwa wiki nane kwenye meza ya nyaraka katika bandari kavu hapa Kurasini. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha bili ya shehena, ankara na orodha ya vifungashio kabla tamko halijaandaliwa, na kuwasiliana na mteja palipokuwa na tofauti ya uzito, idadi au jina la mpokeaji. Mafaili niliyoyakuta na tofauti niliyaorodhesha kwenye daftari ambalo msimamizi wangu alilipitia kila jioni, naye yuko tayari kuulizwa.*

*Nina stashahada ya uwakala wa forodha. Cheti cha EACFFPC bado sijakipata, nakusudia kujiunga na mafunzo yake.*

*Iwapo hakuna nafasi, naomba kufahamishwa kama kampuni hupokea watu wa mafunzo kwa vitendo na ni kipindi gani cha mwaka. Nitapiga simu mapokezi Jumanne ya wiki ijayo saa nne asubuhi kuulizia. Naambatisha wasifu wa kurasa mbili.*

*Wako mtiifu.*

Tuichambue kidogo, maana kila aya imewekwa mahali pake kwa sababu.

Kichwa kinataja kazi moja, na pembeni kinataja kitu kidogo zaidi ambacho ni rahisi kukubaliwa. Nilipokiona tu nilijua barua hii inaenda kwa mkuu wa nyaraka, sikuhitaji kufikiri. Sentensi ya kwanza inakiri kwamba hakuna tangazo. Hiyo ndiyo adabu ya barua ya namna hii: msomaji hajihisi kuvamiwa, na haanzi kujiuliza kama kuna tangazo limetoka bila yeye kujua. Nimeshaona ofisa akizunguka ofisi nzima akitafuta nani katangaza, kisa barua inasema "naomba nafasi iliyotangazwa" wakati hakuna. Hasira zake zilimwangukia mwombaji.

Aya ya pili haina sifa hata moja, ina vitendo tu. Na haimsemi vibaya mwajiri wa awali, wala haitoi majina ya wateja. Hilo la mwisho ni muhimu sana kwenye biashara hii. Ukiandika kwamba ulishughulikia mafaili ya kampuni fulani na thamani ya mzigo wake, msomaji anafikiri: kesho atayatoa ya kwetu.

Aya ya tatu inakiri pengo. EACFFPC ni cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki, na kwa Tanzania mafunzo yake hutolewa na Chuo cha Kodi. Kampuni inakithamini kwa sababu kinahusiana na masharti ya kufanya kazi hii. Asingekitaja, swali lingeulizwa kwanza na barua ingewekwa kando likisubiri jibu. Kwa kukiri mapema amemwondolea msomaji sababu ya kusitasita.

Halafu lile ombi la mwisho. Hapa ndipo ninapowaomba watu wakae sana. Ameuliza swali ambalo jibu la "hatuna nafasi" haliwezi kulifunga. Hata kama hakuna nafasi, bado lazima nimjibu kama tunapokea watu wa mafunzo na lini. Na jibu hilo linanigharimu sentensi moja tu. Ukiuliza swali gumu, kwa mfano utaratibu mzima wa ajira wa kampuni, utanyamaziwa.

Kuhusu lugha: barua hizi alizileta kwa Kiswahili kwa sababu ofisi yetu iliendeshwa na Waswahili wenzetu, ingawa barua za wateja wa nje tuliziandika kwa Kiingereza. Kama kampuni inaandikiana kwa Kiingereza hata ndani, andika kwa Kiingereza, ila mpangilio uwe huohuo. Sioni sababu ya kutumia Kiingereza cha kukopa ambacho utashindwa kukizungumza siku ya usaili.

Dalili ya tatu: "Subiri tangazo" au "Omba kupitia mfumo"

Jibu hili linafanana na lile la juu, lakini chanzo chake ni kingine kabisa. Umegonga mlango ambao hauwezi kufunguka kwa barua.

Ukiandika kwa taasisi ya serikali ya Tanzania kuulizia ajira ya kudumu, hata mkuu wa taasisi akikupenda, hana njia ya kukuingiza kwa barua yako. Nafasi za utumishi wa umma hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi huingizwa kwenye mfumo wake wa Ajira Portal. Barua yako hata ikipokelewa vizuri na kugongwa muhuri itaishia kwenye faili. Nawajua watu waliopoteza nauli ya mwezi mzima wakizunguka wizarani na bahasha.

Huko barua bado ina kazi, ila ibadilishe ombi. Mafunzo kwa vitendo, fildi na kujitolea huombwa kwa taasisi yenyewe, na kwa hayo barua isiyosubiri tangazo ni jambo la kawaida. Kwa hiyo ukipata jibu la "subiri tangazo" kutoka ofisi ya umma, usiboreshe maneno. Badilisha unachoomba.

Kampuni kubwa binafsi na benki nazo siku hizi zina ukurasa wa ajira ambako kila mtu hujaza fomu. Ukiambiwa ujaze, jaza, halafu mwandikie mkuu wa idara mistari mitatu kwamba umejaza na unaomba akupitie muda ukiruhusu. Usimwambatishie faili lilelile tena.

Dalili ya nne: wanapiga, kisha mazungumzo yanakufa

Hii ni dalili nzuri inayoharibikia mkononi, na vyanzo vyake ni vidogo. Namba iliyo kwenye barua si ile iliyo kwenye wasifu. Laini imezimwa kwa sababu simu ina chaji ya kugawana. Anapokea dada wa nyumbani. Au mwombaji mwenyewe anapokea halafu anauliza, "Kampuni gani hiyo?", kwa sababu ametuma kwa kampuni nyingi hazikumbuki.

Andika kwenye daftari kila barua uliyotuma: kampuni, cheo cha uliyemwandikia, kazi uliyoulizia, tarehe. Ukipigiwa, daftari liwe karibu. Na swali ambalo karibu lazima litakuja kwenye simu ya kwanza ni "uliulizia nini hasa?" Jibu lako lifanane na kichwa cha barua. Nimemsikia mtu aliyeandika kuhusu nyaraka akijibu kwenye simu kwamba hata udereva anaweza. Mkuu wa nyaraka aliniangalia, akaweka simu mezani.

Kuna simu moja ya kuikata upesi. Ni ya mtu anayesema barua yako imekubaliwa bila usaili, kisha anaomba pesa ya fomu, ya vipimo au ya sare kwa namba yake binafsi. Piga namba ya mezani ya kampuni uliyoipata wewe mwenyewe, uulize. Kawaida mapokezi hawamjui.

Dalili ya tano: ulijibiwa vizuri, halafu pakapoa

Ofisa alikuambia barua yako ameipenda, ameipeleka kwa mkuu wa idara. Mwezi unapita. Je, ufuatilie mara ngapi?

Kwenye meza yangu, simu moja baada ya siku kumi za kazi ilinisaidia kukumbuka. Ya pili baada ya wiki tatu nyingine niliivumilia. Ya tatu ilinifanya niwaambie mapokezi waseme sipo. Watu wanaokuja kimwili kila Jumatatu hudhani wanaonyesha nia, lakini ofisi ndogo hazina pa kuwaweka wageni, na mkuu wa idara akimkuta mtu yuleyule kwenye kochi kwa mara ya nne huanza kumkwepa.

Ukinyamaziwa baada ya simu mbili, acha kwa miezi mitatu. Ukirudi, rudi na kitu kilichobadilika, na kiwe cha kweli: umejiunga na mafunzo ya cheti, umefanya kazi ya muda mahali, umehamia mtaa ulio karibu na bandari na unaweza kuingia zamu ya asubuhi. Mistari mitatu inatosha. Taja tarehe ya barua ya mwanzo ili waitafute, usiandike upya historia nzima.

Yule kijana alipopiga simu Jumanne saa nne, kama alivyoahidi, nilimjibu kwamba nafasi hakuna lakini tunapokea watu wawili wa mafunzo kuanzia Julai. Akauliza maombi yanapokelewa hadi lini, nikamwambia mwisho wa Mei. Tarehe 12 Mei nikapokea barua pepe yake yenye mistari mitatu: inarejea barua ya Februari, inasema ameshaanza mafunzo ya EACFFPC, inaomba ahesabiwe kati ya wale wawili wa Julai. Sikuhitaji kumtafuta kwenye trei. Barua yake ya pili ilikuwa bado kwenye meza ya mkuu wa nyaraka, imekunjwa ndani ya daftari lake, na pembeni ya yale maneno kuhusu tofauti ya uzito alikuwa amepiga mstari kwa kalamu nyekundu.